Slaidi Kumi Kabla ya Kuchimba Kisima

Katika mradi wa maji wa kijiji, ugomvi mkubwa huzuka mabomba yakiwa yameshafukiwa. Kitongoji kimoja kinagundua kwamba hakimo kwenye mchoro. Mkandarasi anadai alipwe kisima cha kwanza, kile kilichotoka kikavu, na mfadhili anasema fungu hilo halikuwemo kwenye bajeti. Familia iliyotoa kiwanja cha tanki inauliza fidia, na mtendaji wa kijiji aliyekuwepo wakati wa makubaliano ameshahamishwa. Maswali yote hayo yalikuwepo tangu kikao cha kwanza, ila kila mmoja alitoka na picha yake kichwani akidhani wenzake wanayo hiyo hiyo.

Wasilisho la kuanzia mradi, yaani zile slaidi chache zinazoonyeshwa wadau kabla kazi haijaanza, lina kazi moja ya kweli: kuzitoa picha hizo hadharani na kuzilinganisha, wakati bado kubadili jambo ni kuchora mstari upya na si kufukua mtaro. Slaidi tisa au kumi zinatosha. Zinazosalia, kama historia ya shirika, picha za miradi iliyopita na msururu wa nembo, zinakula muda ambao watu wangeutumia kutofautiana.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mradi wa mfano: kisima kirefu kwenye kijiji cha vitongoji vitano mkoani Singida. Mfadhili ni shirika lisilo la kiserikali. Msimamizi wa kitaalamu ni Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wapo pia mkandarasi, serikali ya kijiji, na chombo cha watumia maji ambacho kitaendesha mradi baada ya kukabidhiwa. Pampu itaendeshwa kwa umeme wa jua, maji yatapanda hadi kwenye tanki juu ya kilima, kisha yatateremka yenyewe hadi kwenye vituo vya kuchotea.

Slaidi ya kwanza yenye thamani ni ramani. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka vipimo vitatu kwa vijijini: kila mtu apate lita 25 kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mradi wetu umepangiwa watu 3,000, ongezeko la watu likiwa limeshaingizwa, kwa hiyo unahitaji vituo 12. Wahandisi wengi huishia kuandika hapo: "vituo 12". Namba hiyo haimwambii mwanakijiji kitu. Lakini chora vituo 12 juu ya ramani ya kijiji, na kila kituo kizungushie duara la mita 400. Andika majina ambayo watu wanayatumia: mnadani, kwa balozi fulani, shuleni, mbuyuni. Sasa kila anayeitazama atafanya jambo moja, atatafuta nyumba yake. Na wale wa kitongoji cha tano, kilicho ng'ambo ya korongo, wataiona iko nje ya maduara yote.

Hapo kikao kitachangamka, na ndivyo inavyotakiwa. Kichwa cha slaidi hiyo kiandikwe kama sentensi kamili inayoweza kupingwa: "Awamu hii itafikisha maji kwenye vitongoji vinne, cha tano hakimo." Ukiandika "Mawanda ya Mradi" kama wengi wanavyofanya, umeandika jina la mada tu. Hakuna mtu anayepinga jina la mada.

Ubavuni mwa ramani iwepo orodha ya visivyokuwemo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote kwenye wasilisho zima. Katika mradi wetu hakuna kuunganisha maji majumbani, hakuna vyoo vya shule, na hakuna mbirika za kunyweshea mifugo. Hilo la mwisho ndilo linalotaka maelezo zaidi, kwa sababu Singida ni mkoa wa wafugaji. Mzee mmoja atanyoosha mkono na kuuliza, "Mhandisi, na ng'ombe wetu watanywea wapi?" Akijibiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa baadaye, ameshaahidiwa bila mtu kukusudia. Ajibiwe kwa hesabu. Ng'ombe wa asili hunywa takriban lita 25 kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi. Kiasi hicho ni sawa na mgao wa mtu mmoja. Ng'ombe 600 wakija kwenye kisima hiki watakunywa lita 15,000, yaani maji ya watu 600, sawa na vitongoji viwili vidogo. Mzee hatafurahi, lakini atakuwa ameelewa, na ataweza kuwaeleza wenzake jioni. Pengine kikao kitaamua kwamba mbirika zitegemee lambo lililopo, au kwamba mfadhili aombwe fungu la kisima cha pili. Lolote litakaloamuliwa, limeamuliwa kabla ya vikombe vya chuma na bomba kukatwa usiku na watu wenye kiu ya mifugo yao.

Hesabu ya maji yenyewe nayo ipewe slaidi yake, kwa sababu ndiyo inayobeba mradi. Watu 3,000 mara lita 25 ni lita 75,000 kwa siku. Tukichukua kwamba sola inatupa saa sita nzuri za kusukuma maji, kisima lazima kitoe lita 12,500 kwa saa. Mistari hiyo mitatu inatosha, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuihakiki palepale. Ikae mbele ya watu, kwani tutairudia tukifika kwenye vihatarishi.

Sehemu ya majukumu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Mawasilisho mengi huweka mchoro wa vyeo: mkurugenzi juu, meneja chini yake, mistari ikishuka hadi kwa mlinzi. Mchoro huo unaeleza nani anamripoti nani, na hausemi chochote kuhusu siku ambayo jambo limegoma. Njia bora ni kuanza na maamuzi. Andika kwenye safu ya kushoto maamuzi sita au saba ambayo mradi huu hakika utayahitaji, kisha kwa kila uamuzi andika mtu mmoja mwenye dhamana, wanaopaswa kushauriwa kabla, na wanaoarifiwa baada.

Kwa mradi wetu maamuzi hayo si magumu kuyataja. Nani anaidhinisha kisima kihamishwe kutoka eneo lililopimwa? Nani anasema tuchimbe tena baada ya shimo kavu? Nani anasaini hati ya malipo ya mkandarasi? Nani anakubali mtaro upite kwenye shamba la mtu? Nani anapendekeza bei ya ndoo, na nani anaipitisha? Kila mstari uwe na jina la cheo kimoja tu kwenye nafasi ya dhamana. Ukikuta umeandika "RUWASA na Kijiji" kwenye nafasi hiyo, hujamaliza kazi, maana siku ya siku kila upande utamsubiri mwenzake. Kuhusu mtaro, kwa mfano, ardhi ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo mhandisi hana mamlaka ya kumwambia mtu shamba lake litapitiwa. Mwenye dhamana ya kuleta makubaliano hayo ni mwenyekiti wa kijiji, na ushahidi wake ni muhtasari wa kikao uliosainiwa na wahusika wote, akiwemo mwenye shamba. Mkandarasi asipeleke jembe pale kabla ya karatasi hiyo.

Na hapa kuna jambo la mila za vikao vyetu ambalo mwandaaji lazima alijue. Mbele ya mgeni rasmi hakuna anayepinga. Mkuu wa wilaya akiwa amekaa meza kuu, ngoma imechezwa na wanakwaya wameimba, mwenyekiti wa kijiji hawezi kusimama na kusema kiwanja cha tanki kina mgogoro. Atasema tumepokea mradi kwa mikono miwili. Kwa hiyo sherehe ya uzinduzi na kikao cha kazi ni vitu viwili, visifanyike siku moja. Zaidi ya hapo, rasimu ya slaidi ipelekwe kwa kila mdau peke yake kabla ya kikao: kwa meneja wa RUWASA wilaya ofisini kwake, kwa mwenyekiti na mtendaji pale kijijini, kwa afisa wa mfadhili. Kila mmoja aulizwe swali moja: kwenye hizi kurasa, ni kitu gani huwezi kukikubali? Majibu utakayopata kwenye viti hivyo vya faragha ndiyo yatakayorekebisha ramani na jedwali la maamuzi. Mwandaaji anayeingia kikaoni bila kuwa amefanya mizunguko hiyo huonyesha slaidi nzuri, hupigiwa makofi, na huondoka bila kujua lolote jipya.

Tuje kwenye vihatarishi. Neno "mvua" likisimama peke yake kwenye slaidi halimsaidii mtu. Kihatarishi kiandikwe kwa sentensi yenye chanzo, tukio na hasara, kisha ifuate dalili ya mapema na mtu wa kuiangalia. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Sentensi yake basi ni hii: mtambo wa kuchimba ukichelewa hadi Desemba, barabara ya udongo mweusi haitapitika kwa lori zito, na kazi itasimama hadi mvua ziishe huku mkandarasi akidai gharama za kusubiri. Dalili yake ni kibali cha kuchimba kutopatikana kufikia mwisho wa Septemba. Anayeangalia ni mhandisi wa mradi. Sentensi ya namna hiyo inamwambia mtu afanye nini, na lini.

Vihatarishi vitatu au vinne vilivyoandikwa hivyo vinazidi orodha ya ishirini. Kwa kisima hiki, viwili vinapita vyote kwa uzito, na vyote viko chini ya ardhi ambako hakuna anayeona.

Cha kwanza ni kiasi cha maji. Upimaji wa kitaalamu wa juu ya ardhi hupunguza kubahatisha, lakini hauondoi. Tuseme kisima kikatoa lita 5,000 kwa saa badala ya 12,500. Kwa saa sita ni lita 30,000, yaani watu 1,200. Vituo 12 vilivyo kwenye ramani vinageuka kuwa vitano. Kama mabomba ya vituo 12 yalishanunuliwa, kuna pesa imelala kwenye ghala la kijiji ikipigwa jua. Na kuna mtego ndani ya mtego: kisima kikipimwa mara tu baada ya masika, maji ya ardhini yakiwa yamepanda, kitaonekana kina nguvu kuliko kitakavyokuwa Oktoba na Novemba. Kwa hiyo slaidi iseme kipimo kitafanyika lini na kwa muda gani, kwa mfano kusukuma mfululizo saa 24 na kisha kuangalia maji yanavyorudi kimo chake. Iseme pia kwamba pampu haitafungwa kwa kiwango chote kilichopimwa. Wahandisi huacha akiba.

Cha pili ni floraidi. Sehemu za Singida, Arusha na Manyara zina maji ya ardhini yenye floraidi nyingi, ambayo hubadili meno ya watoto rangi na, ikinywewa kwa miaka mingi, huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenye floraidi yanaonekana masafi na kuchemsha hakuiondoi, ndiyo maana haitoshi mtu kuonja na kusema maji ni matamu. Anayesema ni maabara.

Sasa swali ambalo kikao kinapaswa kulijibu ni hili: majibu yakija mabaya, tutafanya nini? Nasisitiza lijibiwe siku hiyo ya kwanza. Kabla ya kuchimba, mfadhili, mkandarasi na kijiji wote wanaweza kulizungumza kwa utulivu. Baada ya kuchimba, mkandarasi anataka alipwe, mfadhili anakimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha, na wanakijiji wameyaona maji yakiruka kutoka kwenye shimo na hawataki kusikia habari za maabara. Uamuzi utakaofanyika katika hali hiyo utakuwa wa shinikizo.

Kwa hiyo slaidi moja iandikwe kama mlango wa uamuzi, ikiwa na njia tatu. Kisima kikiwa na uwezo wa kusukumwa lita 12,500 kwa saa au zaidi na floraidi iko ndani ya kiwango, tunajenga kama ramani inavyoonyesha. Kikitoa kati ya 5,000 na 12,500, tunasimama majuma mawili kuchagua kati ya kupunguza vituo na kuchimba kisima cha pili, na vituo vya kuanza kupunguzwa vinatajwa leo kwa majina. Kikitoa chini ya 5,000, au floraidi ikizidi 1.5, hatununui pampu wala bomba, na fedha iliyobaki inarudi mezani kutafuta chanzo kingine. Chini yake uandikwe mstari kuhusu shimo kavu: mkataba unamlipa mkandarasi kwa kila mita aliyochimba hata kama hakuna maji, au haumlipi? Namna zote mbili zipo kwenye biashara hii. Ya pili inaonekana nafuu, ila mkandarasi atakayeikubali ataweka hatari hiyo ndani ya bei yake, au atajaribu kukabidhi kisima dhaifu ili asipoteze jasho lake. Kikao lazima kijue kimechagua ipi.

Hatua za kwanza za mradi zitaupata mpangilio wake kutoka kwenye mlango huo. Weka siku 90 tu. Ratiba ya miaka miwili kwenye kikao cha kwanza ni mapambo. Kila hatua iwe kitu ambacho mtu anaweza kukishika au kukiona. "Kuhamasisha jamii" haifai, kwani hakuna anayejua lini imekamilika. Katika mradi wetu zipo nne. Ya kwanza ni karatasi mbili: kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, maana maji ya ardhini yanasimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na muhtasari wa kijiji kuhusu kiwanja cha kisima na cha tanki. Ya pili ni kisima kilichochimbwa na kufunikwa, pamoja na taarifa ya mchimbaji inayoonyesha tabaka za udongo na mwamba na kina kilikofikia. Ya tatu ni matokeo ya kipimo cha kusukuma na cheti cha maabara. Ya nne ni kikao cha mlango wa uamuzi, chenye tarehe iliyokwisha kupangwa na majina ya watakaohudhuria. Manunuzi ya pampu, paneli za sola na mabomba yanakaa baada ya hatua ya nne, na mstari mwekundu uchorwe hapo. Atakayetaka kuyatanguliza ili fedha za mwaka zisirudi atalazimika kuuvuka mstari huo mbele ya wenzake.

Kuhusu umbo la slaidi zenyewe, fikiria zitakapoonyeshwa. Ofisi ya kijiji huenda haina umeme wa uhakika, na saa sita mchana mwanga wa madirishani unaifuta projekta ukutani. Ramani, jedwali la maamuzi na mlango wa uamuzi zichapishwe kwenye karatasi kubwa za A1 na kutundikwa. Watu wasimame karibu, waguse kwa vidole, waandike juu yake kwa kalamu. Lugha iwe Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, hata kama mfadhili atahitaji nakala ya lugha yake, kwa sababu tafsiri ya haraka ya mdomo ndipo ahadi huongezeka na masharti hupotea. Kwa kikao cha saa mbili, uwasilishaji usizidi dakika 40.

Utajuaje kama watu wameelewana au wamenyamaza tu? Kutikisa vichwa si ushahidi. Kabla ya kufunga, mpe kila mwakilishi kipande cha karatasi, na asiyependa kuandika aulizwe pembeni, ajibu maswali matatu: maji hayatafika wapi, nani ataamua kisima kikitoka kikavu, na tutajua lini kama ramani hii inabaki. Soma majibu palepale. Yakitofautiana kwenye swali la pili, ambalo ndilo hukosewa zaidi, rudini kwenye jedwali la maamuzi kabla ya kugawa soda.

Slaidi ya mwisho iachwe nusu tupu. Ijazwe kikaoni kwa mkono: tuliyoamua upande mmoja, yaliyobaki wazi upande wa pili, kila lililobaki likiwa na jina na tarehe. Kwenye mradi wetu huenda likabaki la kitongoji cha tano: meneja wa RUWASA wilaya ataleta makadirio ya kulivuka korongo kabla ya kikao cha mlango wa uamuzi. Karatasi hiyo ipigwe picha, iambatanishwe na muhtasari uliosainiwa, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ikiwa na tarehe yake. Mabadiliko yoyote ya ramani baada ya hapo yaandikwe na kubandikwa pembeni yake, na toleo la zamani lisibanduliwe.